Vyeti vya walinzi: nina siku 19 kabla ya kupeleka watu lindo jipya, nikague nini hasa?

MamaLindo_Sakina
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa mambo ya ulinzi. Marehemu mume wangu alikuwa mstaafu wa jeshi, ndo aliyeanzisha hii kampuni yetu ndogo hapa Arusha, alipoondoka nikabaki nayo mimi na mwanangu. Tuna walinzi 23, malindo mengi ni nyumba za watu Njiro na Sakina na maduka machache mjini, mambo ya kawaida, mteja anakuuliza bei na anakuuliza kama mlinzi halewi basi.

Sasa tumepata shamba la maua upande wa Usa River, wanataka walinzi 14 kuanzia tarehe 1. Meneja wao kanitumia barua, anasema wiki moja kabla ataleta mtu wa kukagua faili la kila mlinzi, na ameandika kwamba anataka "cheti cha mafunzo kilichothibitishwa", alama za vidole, na kibali cha kampuni. Kibali cha polisi ninacho, mume wangu aliacha kila kitu sawa na leseni ya biashara nahuisha kila mwaka. Vyeti vya walinzi nina fotokopi zote, nimezipeleka kwa wakili zikagongwa mhuri wa nakala halisi.

Swali langu, huo mhuri wa wakili si ndo kuthibitishwa kwenyewe? Au kuna kingine? Maana kijana wangu wa ofisini anasema tupo vizuri ila roho yangu inasita.

NamangaKwetu
Mama hapo bado sana, siku hizi kila mlinzi lazima awe na namba yake ya usajili kutoka mamlaka ya ulinzi binafsi, bila hiyo namba hata kumvalisha sare ni kosa, kampuni inapigwa faini na mwenye kampuni anashikwa. Vyeti vya mgambo havitambuliki tena. Mi napita mpakani kila wiki nayaona.

Mstaafu_Oljoro
Namanga unachosema ni kweli ila umevuka geti bila kugonga pasipoti 😄. Hiyo ni Kenya. Wao wana Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 na mamlaka yake inaitwa PSRA, huko mlinzi mmoja mmoja anasajiliwa na kupewa namba. Kwetu sheria mahususi ya sekta hii imezungumzwa miaka na miaka, lakini kampuni zimeendelea kwenda na kibali cha Jeshi la Polisi, usajili wa BRELA, na usimamizi wa polisi wa mkoa na wilaya. Kwa hiyo huku hakuna mahali utaandika namba ya mlinzi ukaona kwenye simu kama yuko hai au feki. Na hapo ndo kazi ya mwenye kampuni inapokuwa ngumu, kwa sababu uthibitisho unautafuta mwenyewe kwa aliyetoa cheti.

Mama, pole na msiba hata kama ni wa zamani. Nijibu swali lako: hapana, mhuri wa wakili siyo uthibitisho wa cheti. Wakili anachosema pale ni kwamba fotokopi hii inafanana na karatasi niliyoletewa. Kama karatasi aliyoletewa ilichapwa kwenye stesheneri ya nyuma ya stendi, basi wewe una nakala halisi ya cheti feki, imegongwa mhuri mzuri kabisa na umeilipia.

Niambie vitu viwili kwanza. Hao 14 vyeti vyao ni vya nani, mgambo, JKT au kozi ya kampuni? Na je kuna atakayeshika silaha?

MamaLindo_Sakina
Asante baba, nimeshtuka kidogo. Nimetoa faili sasa hivi. Mgambo 10, JKT 3, mmoja ana cheti cha kampuni aliyokuwa anafanya kazi Moshi. Silaha ni moja tu, shotgani ya kampuni, itakaa geti kuu usiku.

Ila kuna kitu nimekiona naomba nieleweshwe, mmoja wa hao JKT cheti chake kimeandikwa 835 KJ Mgambo. Sasa huyu ni JKT au ni mgambo? Nimhesabu wapi?

Chalii_wa_Kijenge
Huyo ni mgambo mama, si imeandikwa hapo. Mpeleke kwa mshauri wa mgambo wilayani watamjua

Mstaafu_Oljoro
Chalii hapana. 835 KJ Mgambo ni kikosi cha JKT, kambi iko Tanga kule Kabuku, jina la mahali ndo limefanana. Kama sisi tulivyokuwa 833 KJ Oljoro. Ukimpeleka huyo kwa mshauri wa Jeshi la Akiba wilayani wataangalia orodha zao hawamuoni, utarudi unamwita kijana wa watu tapeli bure. Nimeshaona mwenye kampuni anamfukuza mtu kwa hilo hilo.

Sasa mama tuanze na hao 10 wa mgambo maana ndo wengi. Cheti cha mgambo ni cha kozi iliyofanyika mahali fulani, kata fulani, ikaanza tarehe fulani na kufungwa tarehe fulani, mara nyingi mgeni rasmi ni mkuu wa wilaya au mtu wake. Kozi nyingi zinakwenda kama miezi minne. Waliohitimu wanaandikwa kwenye orodha, na orodha inakaa kwa mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya ile. Kwa hiyo usiangalie uzuri wa cheti, tafuta ile orodha.

Fanya hivi. Andika barua yenye nembo ya kampuni kwenda ofisi ya huyo mshauri, wilaya ile ile iliyotoa cheti, siyo wilaya unayofanyia kazi. Weka majina kama yalivyo kwenye cheti, namba ya cheti, kozi ilifanyika wapi na mwaka gani, ambatanisha nakala. Omba wakujibu kwa maandishi. Na peleka mwenyewe au mtu wako wa ofisini. USIMPE MLINZI APELEKE. Ukimpa mlinzi akatafute uthibitisho wa cheti chake mwenyewe, mwenye cheti feki atakuletea na barua feki ya kuthibitisha, tena yenye mhuri uliokolea kuliko wa ofisi.

Kama wilaya iko mbali, tuma kwa posta au kwa basi halafu piga simu kufuatilia, ila namba ya simu itafute wewe, usichukue ile iliyoandikwa kwenye cheti.

Mlinzi_Mnyonge
Wakuu samahani naingilia. Mi ni mlinzi hapa Moshi mjini, mwaka wa pili sasa. Kampuni yangu imenishikilia cheti changu OG cha mgambo na cha form foo, nilivyoingia walisema ni utaratibu. Sasa nimepata kazi sehemu nyingine bosi mpya anataka kuona OG, supavaiza ananiambia nilipe kwanza hela ya sare ndo nipewe. Hii imekaaje kisheria?

Binti_Kiboriloni
Mnyonge pole kaka, hiyo siyo utaratibu, hiyo ni rehani. Mi nafanya kazi ofisi ya utumishi (siyo kampuni ya ulinzi). Mwajiri anaiona OG, anapiga kopi mbele yako, anaandika kwenye kopi "nimeona halisi" na tarehe na jina lake, anakurudishia siku hiyo hiyo. Deni la sare ni deni, linadaiwa kwa njia zake, cheti chako siyo dhamana. Andika barua ya kukidai, acha nakala yenye sahihi ya aliyepokea, wakigoma nenda CMA, ofisi ya usuluhishi wa mambo ya kazi, Moshi ipo.

Na kwa mama mwenye uzi, hapo hapo nikuulize, hizo fotokopi zako mliona OG zake? Au waliwaletea kopi?

MamaLindo_Sakina
Mwanangu umenigusa pabaya. Wengine waliajiriwa na marehemu, sijui. Wa mwaka jana na juzi nakumbuka wanne walileta kopi tu, wakasema OG iko nyumbani kijijini.

Mstaafu_Oljoro
Hao wanne ndo uanze nao kesho asubuhi.

Mpe kila mtu siku tano alete OG, usiseme unatafuta feki, sema mteja mpya anataka. Atakayeleta stori ya nyumba iliungua, au mchwa, usimhukumu, wapo ambao kweli mchwa wamekula. Huyo ndo ile orodha ya wilaya itamsaidia, kama jina lipo watamwandikia barua.

Wakati unasubiri majibu, kaa mezani na faili moja moja utafute tarehe zinazogombana. Hii haihitaji ofisi yoyote, inahitaji kalamu na kikombe cha chai. Nikupe mfano uliotokea nikiwa meneja wa operesheni, kampuni siitaji. Kijana ana cheti cha mgambo, kozi imeanza Februari 2021 imefungwa 28 Mei 2021, sahihi ya mkuu wa wilaya ipo na jina limepigwa chapa. Cheti kizuri, kina utepe na picha. Kitu cha kwanza, jina la huyo mkuu wa wilaya. Juni 2021 Rais alipanga upya wakuu wa wilaya nchi nzima, na huyu aliyesaini aliteuliwa kwenye orodha ile ya Juni. Mei alikuwa bado hajawa mkuu wa wilaya ya pale. Sasa mtu anasaini vipi cheti wiki tatu kabla hajateuliwa?

Bado nikasema labda cheti kilichelewa kuandikwa kikasainiwa baadaye, yapo mambo hayo, ofisi zetu tunazijua. Nikamwambia kijana niletee taarifa yako ya michango ya NSSF. Akaleta mwenyewe bila kujua naitafutia nini. Machi, Aprili na Mei 2021 zote ana michango ya mwajiri mmoja wa Dar es Salaam, hotelini. Mtu hawezi kuwa anapiga kwata kila asubuhi huku kaskazini na huku yuko zamu hotelini Dar. Nikamwita nikamwekea karatasi mbili mezani nikakaa kimya. Akasema mzee nisamehe, nilinunua.

Chalii_wa_Kijenge
Aisee 😂 mzee ulikuwa mpelelezi wewe sio meneja. Ila mi nina njia rahisi kuliko zote hizo, mtoe mtu nje mpigie kwata. Mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Aliyepita kozi anageukia kulia bila kufikiri, feki anakwenda kushoto au anakuangalia kwanza. Dakika mbili umemaliza, barua za nini

Mstaafu_Oljoro
Inasaidia chalii, siikatai, na mi nilikuwa naifanya. Ila siyo ushahidi. Mtu aliyemaliza kozi 2009 akaenda kulima vitunguu miaka kumi anaweza kugeuka kama ng'ombe na cheti chake ni halali. Na mwingine amefundishwa kwata na binamu yake wiki moja uani. Ukimkatalia mtu kazi kwa sababu aligeukia kushoto halafu akaenda CMA utawaambia nini? Kwata itumie kujua umuulize nani maswali zaidi.

Ndugu_wa_Maji_ya_Chai
JKT je mzee? Nina mdogo wangu ana cheti cha JKT anazunguka kutafuta kazi anaambiwa hakitoshi.

Mstaafu_Oljoro
JKT kuna mlango wa aina mbili na watu wanauchanganya. Kuna waliokwenda kwa mujibu wa sheria, hawa ni waliomaliza kidato cha sita, wanakaa kama miezi mitatu. Na kuna wa kujitolea, hawa mkataba ni miaka miwili. Cheti chake kitaonyesha kikosi na operesheni aliyoingia nayo, na kila operesheni ina mwaka wake.

Kwa hiyo mama ukishika cheti cha JKT kisome pamoja na cheti cha shule. Ukikuta mtu kaishia darasa la saba na ana cheti cha mujibu wa sheria, simama hapo. Ukikuta kajitolea lakini tarehe ya kuingia na kutoka zimepishana miezi minne, muulize, inawezekana alitoka kwa ugonjwa au utoro, ila aliyetoka hivyo cheti cha kumaliza kakipata wapi? Barua ya kuthibitisha inakwenda kwa mkuu wa kikosi husika, na hawa jibu lao huchelewa, kwa hiyo andika leo usisubiri hao wa mgambo.

Mdogo wako wa Maji ya Chai, sijui wanaposema hakitoshi wanamaanisha nini, labda wanataka na alama za vidole. Akapige polisi aongeze kwenye faili lake, asisubiri kuambiwa.

Ndugu_wa_Maji_ya_Chai
Alama za vidole anazo za 2019, bado zinafaa?

Binti_Kiboriloni
Alama zenyewe hazibadiliki 😄 ila majibu yake ni ya siku ile. Yanasema hadi 2019 hakuwa na kumbukumbu ya kosa. Miaka mingi imepita, mteja akikataa mi simshangai. Apige upya.

Geti_Kuu_Moshi
Mama umesema shotgani. Mi naona hapo usijisumbue, chukua yule wa mgambo aliyepiga shabaha vizuri mpe, cheti chake kinasema amefundishwa silaha. Leseni si ya kampuni? Basi mlinzi yeyote wa kampuni anaibeba.

Mstaafu_Oljoro
Geti, nusu yake ni kweli nusu itamfunga mama wa watu. Leseni ni ya kampuni ndiyo. Ila Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikuifanya silaha ya kampuni kuwa jembe la ukoo kwamba yeyote aliyeko nyumbani analichukua. Cheti cha mgambo kinasema mwaka fulani huyu alielekezwa silaha, tena pengine ya aina nyingine kabisa, hakisemi kwamba polisi wanamtambua kama mtu anayebeba hii shotgani yenye namba hii kwenye lindo hili.

Mama, shotgani hiyo mume wako aliiombea leseni kwa ajili ya wapi? Kama karatasi za mwanzo zilitaja ofisi ya Arusha mjini na sasa unaipeleka Usa River, umetoka jiji umeingia wilaya ya Arumeru, hapo usibebe kimya kimya. Nenda na karatasi zake zote kwa polisi wanaosimamia silaha, waambie lindo jipya liko wapi na nani wawili au watatu watakaoibeba kwa zamu, na uwaulize wanataka umahiri wao uonyeshwe vipi. Wakikubali upate kwa maandishi.

Halafu weka daftari la silaha. Kila zamu inapobadilishana: tarehe, saa, namba ya silaha, risasi ngapi, aliyetoa, aliyepokea, sahihi mbili. Siku risasi moja isipoonekana daftari hilo ndo litasema ilipotea kwenye mikono ya nani. Bila daftari ilipotea kwako.

MamaLindo_Sakina
Nimeangalia baba. Imeandikwa ofisi na lindo moja la mjini ambalo tuliliacha 2022. Silaha iko kasikini toka siku hiyo. Kesho naenda polisi mwenyewe.

Supavaiza_Mzoefu
Wakuu mnamtisha mama na makaratasi, kampuni nyingi hapa mjini zinapeleka walinzi jana wameajiriwa leo wako getini na filimbi, hakuna aliyekufa. Mteja wa shamba anataka mtu asiyelala, aandike kitabu cha matukio, yaani OB, vizuri, akague lori linalotoka. Hayo mgambo hawafundishi. Mi nilipewa lindo la ghala, walinzi wote wana vyeti halali, wiki ya pili mbolea imetoka kwenye lori la maji, mlinzi kafungua geti kwa sababu dereva alimwita kwa jina.

Mstaafu_Oljoro
Kwenye hiyo ya mwisho nakuunga mkono kabisa na nilikuwa nakuja huko. Cheti halali hakimjui dereva wala geti. Kabla ya tarehe 1 mama peleka hao 14 shambani mchana na usiku, watembezwe uzio wote, waonyeshwe gari gani linatoka na karatasi gani, nani wa kupigiwa kwanza, kituo cha polisi kipi kiko karibu. Waandikishe matukio matatu ya mfano kwenye OB uone mwandiko na akili. Kila mmoja asaini kwamba ameelekezwa siku fulani na fulani. Karatasi hiyo iingie kwenye faili nyuma ya cheti chake.

Ila hilo la "hakuna aliyekufa", supavaiza, mbolea ilipoibiwa bima ya mteja haikuomba mafaili?

Supavaiza_Mzoefu
Waliomba. Sitaki kuliongelea 😅

MamaLindo_Sakina
*(siku ya 9)*
Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho, nawashukuru sana hasa baba Mstaafu na dada wa Kiboriloni.

Kwanza mteja nilimweleza ukweli kwamba nathibitisha vyeti upya kwenye ofisi zilizotoa, nikadhani atakasirika, akasema yeye ndo alichokuwa anamaanisha tangu mwanzo.

Wale 10 wa mgambo walitoka wilaya tatu, mbili nilienda kwa miguu yangu, moja niliituma kwa basi. Majina 7 yameonekana kwenye orodha, nimeandikiwa barua. Mmoja jina halikuonekana na nilikuwa nimeshamkatia tamaa, ni mzee wetu wa lindo la Njiro, cheti kimeliwa kona na mchwa kama ulivyosema na tarehe haisomeki. Yule afande wa pale ofisini akaniuliza baba yake anaitwaje na alitoka kata gani, akafungua daftari la zamani, kumbe kwenye orodha wameandika ubini wa baba yake mdogo aliyemlea, na NIDA ana ubini wa baba mzazi. Kata imelingana na mwaka umelingana. Amenipa barua, na mzee tumempeleka akala kiapo cha majina. Nilitoka pale nikiwa na aibu maana nilishamuwazia vibaya.

JKT watatu, huyu wa Oljoro wamejibu ni wao, wawili akiwemo yule wa 835 bado hawajajibu. Yule mwenye cheti cha kampuni ya Moshi nilipiga simu kampuni ile, namba niliitafuta mwenyewe, wamekiri alikuwa kwao na walimfundisha wiki tatu, ila siyo mgambo wala nini. Mteja amesema atampokea kwa zamu ya mchana tu.

Polisi nimefika kuhusu silaha, wameniambia nisiipeleke Usa River hadi karatasi zibadilishwe na watu wawili niliowataja wawaone kwanza. Tarehe 1 geti litaanza bila silaha, mteja amekubali.

Wamebaki wawili wa mgambo. Hawapo kwenye orodha, na hadithi zao hazishikani. Mmoja alikuwa mgeni, aliacha kuja kazini alivyosikia OG zinatakiwa, huyo kajihukumu. Wa pili ndo ananiumiza. Yuko na sisi miaka mitatu, hajawahi kukosa zamu, mwaka juzi alikamata mwizi wa betri za sola nyumba ya mteja. Nimemuita akalia, amesema alinunua kwa shilingi 60,000 kwa sababu kozi ilipofunguliwa kwao alikuwa anamuuguza mama yake. Nifanyeje na huyu?

Binti_Kiboriloni
Mama usimfukuze kwa mdomo kwa hasira, wala usimsamehe kwa mdomo. Mwandikie barua ya tuhuma, mpe angalau saa 48 ajiandae, aje na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia kwenye kikao, aandike utetezi wake, wewe uamue na uandike sababu. Udanganyifu wa cheti ni kosa zito unaweza kumwachisha, lakini ukiruka kikao anaweza kukushinda CMA na ushahidi ukiwa wako.

Chalii_wa_Kijenge
Miaka mitatu na mwizi kakamata, mama huyo mpeleke kozi tu ikifunguliwa, mrudishe. Wangapi wana vyeti halali na wanalala lindo

Mstaafu_Oljoro
Chalii moyo wako ni mzuri. Ila kutoka leo mama anajua cheti ni cha kughushi. Jana alikuwa amedanganywa, leo akimpeleka lindo na kile cheti kikiwa kwenye faili yeye ndo anayedanganya mteja. Kwanza kile cheti kitoke kwenye faili la kumuombea lindo kikae kwenye faili la nidhamu. Usimpeleke Usa River kwa namna yoyote.

Kama kikao kitaamua abaki, mi ningemtoa kwenye ulinzi kabisa hadi apite kozi ya kweli, akae ofisini, stoo, chochote. Wapo watakaosema hata hivyo ni kumfuga mhalifu na kwamba polisi waambiwe. Mi kwenye hilo la polisi sina jibu moja, nimewahi kufanya yote mawili na yote mawili yaliniuma.

Geti_Kuu_Moshi
Polisi aripotiwe aliyemuuzia, 60,000 mara vijana wangapi? Huyo ndo mwenye kiwanda.

MamaLindo_Sakina
Hataki kumtaja, anasema ni mtu wa kijijini kwao. Kikao nimekiweka Alhamisi. Nimemwambia aje na mwenzake wa kazini.

Nafasi yake na ya yule aliyekimbia zimebaki wazi mbili, nina siku kumi.

Dada_Ngaramtoni
Mama shikamoo, nimefuatilia uzi wote kimya. Mnachukua na wanawake? Nina cheti cha mgambo OG, alama za vidole za mwezi uliopita, NIDA ninayo, na barua ya mtendaji. Wilaya niliyosomea naweza kukutajia ukaulizie mwenyewe, mi sitaenda.

MamaLindo_Sakina
Marahaba mwanangu. Hiyo sentensi yako ya mwisho nimeipenda. Njoo kesho saa tatu asubuhi ofisini, na uje na OG.